Alama 17 kwa 23 kabla ya kutafuta wastani

"Mwanangu ana 17/23, 41/50 na 9/10. Nigeuze kwanza kuwa asilimia, au nijumlishe tu?"

Ndugu, gawanya kila alama kwa alama ya juu kabisa ya jaribio lake, kisha uzidishe kwa 100. 17 ÷ 23 × 100 ni 73.91, nazo zile mbili ni 82 na 90, kwa hiyo jumla ya 245.91 ikigawanywa kwa 3 inatoa wastani wa 81.97. Ukijumlisha tu alama zote na kupata 67/83 hutakuwa umekosea kugawanya, kwani hiyo ni asilimia 80.72, ila njia hiyo huupa mtihani wa alama 50 uzito mara tano ya zoezi la alama 10, na huenda mwalimu ndivyo anavyotaka, afadhali umuulize. Desimali usiziondoe mapema, kwa sababu ukiandika 74 badala ya 73.91 utapata 82 kamili, na kama daraja la juu linaanzia hapo (ubishi wa namna hiyo nimeushuhudia), mtoto atakuwa amepandishwa na kalamu yako.