Maswali na majibu: kugeuza namba za maneno ziwe tarakimu

"Nimebadilisha maneno yote kwa Replace All, sasa naona 'mku5' na '7bu' kila mahali. Nifanyeje?"

Rudisha faili la mwanzo, hilo halirekebishiki. Hili nimeshalijibu mara nyingi jamani: "mkutano" una tano ndani, "sababu" ina saba, "miaka" ina mia, na "akasita" anabeba sita. Lazima utafute neno zima, halafu ukumbuke tano hubadilika kufuata ngeli ila sita, saba na tisa hazibadiliki:

```python
re.sub(r"\b(wa|ma|mi|vi)?tano\b", "5", t)
```

Hii ni ya tano inayosimama peke yake tu. Namba ndefu kama "ishirini na tano" zishughulikie kwanza, la sivyo utapata "ishirini na 5".

"Je methali na majina ya watu?"

Yafiche kabla hujagusa namba yoyote. Andika orodha yako: "hamsini zake", "siku za mwizi ni arobaini", "mia kwa mia", "moja kwa moja", Sabasaba, Nanenane, Maili Moja, Bi Tatu. Badala ya kila moja weka alama isiyo na namba, geuza namba, kisha rudisha maneno yenyewe. Mfano: "Bi Tatu aliuza kuku watano akaenda na hamsini zake" inatoka "Bi Tatu aliuza kuku 5 akaenda na hamsini zake". Usitegemee herufi kubwa peke yake maana sentensi nayo inaweza kuanza na "Tatu kati yao..."

Na moja iache kwa maneno, isipokuwa iko ndani ya namba kubwa au kwenye kipimo kama kilo moja. "Siku moja" ya hadithi ukiandika "siku 1" umeiua hadithi.

"Saa mbili usiku niandike 20:00?"

Hapana, saa 2 usiku.

"Elfu ishirini na tano ni 25,000 au 20,005?"

Inaweza kuwa yoyote, na hapa ndipo watu wanaharibu hesabu za watu. Angalia ngeli kwanza. "Watu elfu ishirini na watano" ni 20,005, kwa sababu hao watano wamefuata watu. "Watu elfu ishirini na tano" kwa kawaida ni 25,000, tano hapo inahesabu elfu. Shida ni shilingi, ngeli yake haionyeshi kitu, tano inabaki tano tu. Kwenye bei chukua 25,000, lakini kwenye mkataba au risiti usiiachie programu iamue, iwekee alama mtu aisome na ailinganishe na jumla iliyoandikwa chini. Ukiwa wewe ndiye unayeandika, sema "ishirini na tano elfu" tangu mwanzo, hapo habishi mtu.

"Laki mbili na nusu?"

250,000. Nusu ni ya laki, siyo ya shilingi, na nimeshaona programu ikitoa 200,000.5.