Mtoto kwenye tangazo la korosho, nilivyokosea mimi pale Mikindani

Wadogo zangu mnaoanza kupiga matangazo huku Mtwara, kuna brifu moja itawafikia tu, korosho za pakiti na watoto. Na mteja anakuwa ameshaiona kichwani, mtoto anakimbia ufukweni, mdomo umejaa korosho, anacheka.

Mimi nikaikubali hivyohivyo. Tukaenda Mikindani asubuhi na watoto wawili, wa kike ana miaka 8, mdogo wake 3, nikawapa korosho kila mmoja mkono mzima nikasema haya kimbieni. Teki ya pili yule mdogo akasimama ghafla, macho yamemtoka, hakohoi wala halii. Na hicho kimya ndo cha kuogopa, mtoto anayekohoa bado anapitisha hewa. Bibi yake alikuwa hatua chache tu, akamwinamisha, akampiga mgongoni katikati ya mabega, mara ya nne sijui ya tano korosho ikatoka nzima kama ilivyoingia. Akanigeukia, "Mwanangu, huyu kutafuna kwenyewe bado anajifunza, unampaje korosho nzima halafu unamkimbiza?"

Sikuwa na jibu. Mtoto akikimbia anahema na kucheka, kila pumzi inavuta kilichopo mdomoni kwenda kwenye njia ya hewa. Ndo maana aliye chini ya miaka 5 hapewi korosho wala karanga nzima, hata akiwa ametulia. Na hata kama siku ile asingepaliwa, ile klipu ingeenda kwenye simu za kina mama na kuwaonyesha kwamba hivyo ndo mtoto anavyokula korosho.

Sa hivi kula na kucheza napiga shoti mbili tofauti. Kula ni yule mkubwa peke yake, amekaa mkekani, mojamoja, na kabla ya hapo nishamuuliza mzazi kama ana mzio wa korosho au karanga. Akitafuna mbili tatu nakata, simlishi teki kumi mpaka azichukie, maana sura ya mtoto aliyekinai kamera inaiona hata wewe usipoiona.

Kucheza ni bila pakiti kabisa. Usimwambie "cheka", waachie mchezo wao. Wale wangu na wenzao wa mtaani walianza kombolela wenyewe, mimi nimepiga goti mita kumi hivi pembeni na lenzi ya 85mm, shata 1/500 ili miguu isifutike, na robo saa ya kwanza sirekodi chochote kwa sababu bado wanaitazama kamera. Wakishakusahau utajua, wanaanza kugombana nani kachungulia. Eneo nalichagua mimi kabla hawajafika, mbali na maji na mbali na bodaboda, nimeokota chupa na misumari. Mabega yakianza kupanda na kicheko kikawa cha meno tu, hapo wamechoka, funga begi.

Kwenye kuunganisha nako angalia. Ukiweka anakula, halafu hapohapo anawashinda wenzake mbio, umeshasema korosho inaongeza kasi bila kutamka neno.

Mteja yule alikuwa na wazo lingine, mtoto aonekane anabangua korosho ghafi, eti iwe na asili ya kwetu. Nikakataa, mafuta ya lile ganda yanababua ngozi, kila aliyekulia huku kaona vidole vya wabanguaji. Abangue mtu mzima mwenye glovu, mtoto asiwepo kwenye fremu.

Halafu kwa shoti ya kiganjani akatoa mfukoni korosho nene nyeupee za W180, wakati pakiti ni W320. Hizo namba ni idadi ya korosho kwenye ratili moja, kama gramu 454, kwa hiyo namba ikiwa ndogo punje ni kubwa. Na kiganja cha mtoto ni kidogo, tayari punje inaonekana kubwa kuliko ilivyo, ukiongeza na W180 mnunuzi umemdanganya mara mbili. Nikafungua pakiti ya dukani mbele ya kamera, nikamwagia kiganjani kwa mama mtu, nikapiga hiyohiyo.

Karatasi ya ridhaa anasaini mzazi au mlezi kabla kamera haijatoka kwenye begi, iandike picha itawekwa wapi na kwa muda gani, na mtoto mwenyewe muulize. Akisema sitaki, ni sitaki. Yule wa miaka 8 alikuja na sare yenye jina la shule, bibi akamvalisha gauni ili shule yake isijulikane.

Mteja alivyoona klipu akauliza, "Kaka, mbona hakuna hata mmoja anayetazama kamera?" Nikamwambia walikuwa wanamtafuta mwenzao kajificha nyuma ya mtumbwi. Akairudia, akamtafuta na yeye.