Bei ya bati si bei ya paa

Ukikabidhiwa na kamati kazi ya kutengeneza slaidi za kuchangisha ujenzi, utapewa vitu viwili: rundo la picha za simu na karatasi yenye jumla moja kubwa. Wengi huanza hapo hapo. Slaidi ya kwanza inakuwa picha ya jengo, ya pili ile jumla kwa herufi nene, ya mwisho namba ya akaunti. Mimi nilianza hivyo hivyo, kwenye ukumbi wa jumuiya uliokuwa umefika usawa wa linta, na slaidi zangu zilileta fedha. Tatizo ni kwamba zilileta fedha za mabati peke yake, na mabati hayapigwi hewani.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana kosa lenyewe lilikuwa la hesabu ndogo tu.

Ili tusisumbuane na bei, chukua gharama yote ya ukumbi uigawe katika mafungu 100. Kwa makadirio ya fundi wetu, msingi na jamvi vilikula mafungu 22, kuta mpaka linta 20, paa 24, milango na madirisha 10, plasta na sakafu 12, umeme, maji na rangi 7, na 5 yaliyobaki ni ya dharura. Jengo lako litakuwa na mgawanyo wake, lakini utakuta jambo moja halibadiliki sana: kuta zikishasimama, mtu anayepita barabarani anaona jengo limekaribia kwisha, ilhali kwa hesabu yetu tulikuwa tumetumia mafungu 42 tu. Zaidi ya nusu ya gharama ilikuwa bado mbele.

Hapo ndipo picha inapokugeuka. Nilipoweka picha nzuri ya kuta zote nne, mzee mmoja kwenye kikao aliuliza, "Mwanangu, nyumba imeisha hii, sasa mnaomba za nini?" Hakuwa mbishi, ndivyo picha ilivyomwambia. Tangu siku ile siweki picha ya maendeleo bila mstari wa gharama chini yake, kwenye slaidi ile ile. Mstari unagawanywa kwa hatua: msingi, kuta, paa, na kuendelea, kila kipande kwa urefu wa fungu lake. Vilivyokwisha vinapakwa rangi, visivyokwisha vinaachwa vyeupe. Mtu anaona kuta zimesimama na papo hapo anaona weupe uliobaki. Usitumie asilimia moja ya jumla, kama "tumefika asilimia 42", kwa sababu msikilizaji hajui ni asilimia ya fedha au ya jengo, na kila mmoja ataelewa anavyotaka.

Kosa la pili ni kuomba fungu lote lililobaki. Mafungu 58 yanamkatisha mtu tamaa. Anajiona mchango wake ni tone tu. Omba hatua moja inayofuata. Kwetu ilikuwa paa, mafungu 24, na benki tulikuwa tumeshaweka 6, kwa hiyo pengo lilikuwa 18. Kulikuwa pia na ahadi za mafungu 5. Ahadi usizijumlishe na taslimu. Ziandike kwenye mstari wake, kwa rangi hafifu, na ukisimama kuzieleza tamka wazi kwamba hizo bado hazijaingia. Siku ahadi isipotimia hutakuwa na haja ya kurudi mbele za watu kueleza fedha "zilikwenda wapi".

Sasa lile kosa lenyewe. Nilitaka mchangiaji awe na kitu anachoweza kukishika akilini, nikachagua bati. Ukumbi wetu ulikuwa wa mita 12 kwa 20, paa la migongo miwili. Fundi alipiga hesabu: kila upande mistari 29 ya mabati, kila mstari mabati matatu kutoka juu hadi chini pamoja na ya kupishana, jumla mabati 174. Tukazungusha hadi 180 kwa ajili ya yatakayokatwa na kuharibika. Nikaenda dukani, nikauliza bei ya bati moja, nikaandika kwenye slaidi: "Changia bati moja. Tunahitaji 180." Watu walilipenda wazo hilo. Mtu alichukua moja, familia ikachukua kumi, na ndani ya muda mfupi orodha ikajaa. Nikashangilia.

Fundi mkuu ndiye aliyeniharibia sherehe. Alinionyesha mchanganuo wa yale mafungu 24 ya paa: mabati yenyewe 9, mbao za kenchi na papi 8, misumari, kofia na mifereji 2, ufundi na usafiri 5. Mimi nilikuwa nimeuza mafungu 9 tu, na kwa yeyote aliyeniangalia mimi nilikuwa nimemaliza kuchangisha paa. Ukiyajumlisha na yale 6 ya benki unapata 15. Mafungu 9 ya mbao na ufundi hayakuwa na mwenyewe. Mabati yalinunuliwa, yakapangwa ndani ya kuta, yakafunikwa turubai, na sisi tukarudi kwa watu wale wale kuomba mbao. Hakuna slaidi ngumu kutengeneza kama ile. Mtu aliyetoa bati anaamini ametoa paa, na kwa jinsi nilivyoandika, alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Marekebisho yake ni mepesi, na ningependa uyafanye kabla ya kuzindua. Usiuze bati la dukani, uza bati likiwa juu ya ukuta. Chukua gharama yote ya hatua, yaani yale 24, ugawe kwa 180. Bei ya kipande kimoja itakuwa karibu mara mbili na theluthi mbili ya bei ya dukani, na mtu anayejua bei atakuuliza mara moja. Kwa hiyo jibu liwepo tayari chini ya namba, kwa maneno ya kawaida: bei hii ni bati pamoja na sehemu yake ya mbao, misumari, usafiri na ufundi. Weka na kile kipande cha mstari kilichogawanywa 9, 8, 2 na 5. Nimeona watu wakikunja uso kwenye bei, kisha wakisoma mstari ule na kutikisa kichwa kukubali. Ukishafanya hivyo, hata pengo linasomeka kwa mabati: mafungu 18 kati ya 24 ni mabati 135 kati ya 180. Yale 45 ya mwanzo yapake rangi, maana fedha zake zipo benki.

Chini kabisa ongeza sentensi moja inayosema kitakachofanyika fedha za paa zikizidi. Sisi tuliandika: "Zikizidi, zitaingia kwenye milango na madirisha." Bila sentensi hiyo, aliyetoa kwa ajili ya paa anaweza kudai kwa haki kabisa kwamba hukuwa na ruhusa ya kununua mlango.

Kuna watakaotaka kuleta bati lenyewe badala ya fedha. Pokea, lakini slaidi itaje aina ya migongo, urefu, rangi na geji. Kumbuka geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko 28. Na mabati ya migongo tofauti hayalaliani kwenye maungio, maji yatapita hapo. Ni afadhali kumwomba mtu vizuri abadilishe kabla hajanunua kuliko kuacha zawadi yake stoo.

Kwenye picha sitakaa sana, ila mambo mawili yana thamani. La kwanza, chagua sehemu moja ya kusimama, pigilia kigingi, na kila mwezi piga kutoka hapo hapo, simu ikiwa imelala. Picha tatu za pembe moja, kila moja na tarehe, zinaeleza zaidi ya ishirini za pembe mbalimbali, kwa sababu jicho linalinganisha lenyewe. Mtu mmoja asimame kando ya ukuta ili urefu uonekane. La pili, piga kile kitakachofichwa. Nondo za msingi kabla zege halijamwagwa, futi ya kupimia ikiwa imelazwa ndani ya mtaro na namba zake zikisomeka. Zege likishamwagwa hutaipata tena picha hiyo, na ndiyo itakayomjibu anayeuliza kwa nini mafungu 22 yaliingia ardhini asikokuona kitu. Mimi ninayo moja tu ya namna hiyo, iliyopigwa na fundi kwa bahati, na nimeitumia kwenye kila toleo la slaidi. Watu wenye sura zinazotambulika waombe ruhusa, na watoto ruhusa ya wazazi wao.

Tumalizie na slaidi ya namna ya kutoa, ambayo wengi huibandika mwishoni wakiwa wamechoka. Namba ya akaunti au ya simu iandikwe kama maandishi yanayoweza kunakiliwa, isiwe sehemu ya picha, maana mtu akiinakili kwa macho anaweza kukosea tarakimu moja na fedha zikaenda kwingine. Chini yake andika jina litakalotokea kwenye skrini ya mtumaji, herufi kwa herufi, na umwambie asitume kama jina ni tofauti. Hili si la mapambo. Slaidi zako zitasambazwa kutoka kundi hadi kundi, na asiye mwaminifu anaweza kubadilisha namba na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo. Namba anaweza kuibadilisha, ila jina litakalotokea kwenye skrini ya mtumaji litamuumbua. Akaunti iwe ya mradi, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ikiwa bado ni ya mtu binafsi, subirini kuchangisha.

Mwelekeze pia mtumaji aandike neno moja kwenye sababu ya malipo, kwetu lilikuwa PAA na jina lake. Mhasibu wetu alikuwa akipanga miamala jioni, na ile isiyo na neno ndiyo ilimkeshesha usiku: imetoka kwa nani, ni ya paa au ni ahadi ya zamani ya kuta? Kama unatumia msimbo wa QR, uchapishe kwenye karatasi kwanza, uusome kwa simu tofauti ukiwa umesimama mbali kiasi, na utume kiasi kidogo cha kweli mpaka uone kimeingia na stakabadhi imetoka.

Kwenye kona ya slaidi ya kwanza weka tarehe ya hesabu. Yangu ilikuwa na idadi ya mabati yaliyobaki na tarehe yake, na kila Jumatatu nilibadilisha vyote viwili kabla ya kuituma tena.