Neno "wezi" linapozuia maoni ya wanachama wema

Swali: Chama chetu cha akiba na mikopo kina tovuti ya WordPress. Tuliweka "wezi" na "mbwa" kwenye maneno yaliyozuiwa. Matusi yamepungua, lakini wanachama wanalalamika kuwa maoni yao yanapotea. Tufanye nini, na anayetutukana hadharani tumjibu vipi?

Jibu: WordPress haitafuti neno zima bali herufi zinazofuatana, popote zilipo, zikiwa kubwa au ndogo. Kwa hiyo "wezi" inamnasa anayeandika "siwezi kulipa mwezi huu", na "mbwa" inamnasa aliyesema "nimeombwa nilete nyaraka". Kuacha nafasi kabla ya neno hakusaidii, kwa sababu mfumo huondoa nafasi za mwanzo na mwisho wa kila mstari.

Fungua Settings, kisha Discussion. Kisanduku cha Disallowed Comment Keys hupeleka maoni moja kwa moja kwenye Trash, ambako kwa kawaida hufutwa kabisa baada ya siku 30. Angalieni huko leo na mrejeshe ya wanachama. Kisanduku cha Comment Moderation huyashikilia tu hadi mtu ayasome, na hapo ndipo matusi yanapostahili kuwekwa. Kwa kuwa viambishi vyetu hukaa mbele ya mzizi, tangulizeni neno jingine, kila fungu la maneno katika mstari wake:

```
nyie wezi
ninyi wezi
ni wezi
nyie mbwa
```

Disallowed Comment Keys ibaki na anwani za tovuti za kamari na mikopo ya uongo zinazojirudia katika matangazo ya taka. Ujumbe wenye viungo 2 au zaidi hushikiliwa wenyewe, kama hamjabadilisha mpangilio huo.

Sasa chukueni maoni haya: "Nyie wezi, nimemaliza mkopo tangu Machi na bado mnakata mshahara." Yatashikiliwa, na ushauri wangu ni kuyaidhinisha, kwa maana ndani ya tusi mna dai linaloweza kuwa la kweli, na kulificha kutawafanya wengine waamini tusi lenyewe. Jibuni dai, msiliguse tusi: "Ndugu, tumesoma hoja yako kuhusu makato. Tafadhali mwone ofisa mikopo ukiwa na hati ya mshahara ili hesabu ikaguliwe." Msithibitishe hadharani kwamba anadaiwa au hadaiwi, kwani hizo ni taarifa zake binafsi. Akirudia matusi bila hoja mpya, jibu moja latosha.

Kinachofutwa kitangazwe mapema kwenye tovuti: kashfa za kikabila, vitisho, namba za simu za watu na matangazo. Anayesimamia maoni afute kwa kufuata orodha hiyo pekee, hata pale anayeshutumiwa ni mwenyekiti.