Ramani ya duka dogo kwa skeli: maswali na majibu

Wakala aliniambia chumba ni futi kumi kwa kumi na tano. Naweza kuchora kwa vipimo hivyo? (Kayole)

Pima mwenyewe kwanza. Vipimo hivyo ni takriban sentimita 305 kwa 457, lakini vipimo vya mdomo mara nyingi huwa vimekadiriwa tu, na pengine unene wa kuta umehesabiwa ndani yake. Tuseme umepima ndani ukapata 305 kwa 450. Sentimita saba zilizopungua zinatosha kumfanya fundi arudi na rafu isiyoingia.

Shikiza ncha ya tepu konani, na bila kuiondoa usome umbali wa kila kitu kilichoko kwenye ukuta huo: mlango unapoanzia, unapoishia, nguzo, soketi. Anayepima kipande kwa kipande hujikuta amejumlisha makosa madogo ya vipande vyote. Kisha pima kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala nayo, mara mbili, kwa namna ya msalaba. Kwa chumba hiki, kama pembe zimenyooka, vipimo vyote viwili vitakuwa karibu sentimita 544. Ukipata 550 na 537, chumba kimepinda, na ramani lazima ionyeshe hivyo, kwa sababu rafu iliyonyooka itaacha pengo konani.

Nitumie skeli gani kwenye karatasi ya A4? (Roysambu)

Kwa duka la ukubwa huu napendelea 1:20. Sentimita moja ya karatasi inasimamia sentimita 20 za sakafu, kwa hiyo chumba cha 305 kwa 450 kinakuwa sentimita 15.25 kwa 22.5, na karatasi bado inabaki na nafasi ya maandishi. Kwa 1:50, rafu yenye kina cha sentimita 30 inakuwa milimita sita tu, na hapo unene wa kalamu wenyewe unaanza kukudanganya. Chini ya mchoro weka mstari wa sentimita tano ulioandikwa "mita 1", maana picha ikishatumwa kwa simu na kuchapishwa upya ukubwa wake hubadilika, ilhali mstari huo hubadilika pamoja nayo.

Nataka rafu kwenye kuta, moja ya katikati, na kaunta karibu na mlango. Vitaenea? (Kawangware)

Kata vipande vya karatasi kwa skeli ileile, uvisogeze juu ya ramani kabla ya kuchora chochote kwa wino. Nachukua chumba kilekile cha 305 kwa 450, mlango ukiwa upande mfupi, kuliani, na ukifungukia nje.

Ukiweka rafu za kina cha sentimita 40 kwenye kuta mbili ndefu na rafu ya katikati ya 60, zinabaki 165, yaani ujia wa 82.5 kila upande. Mteja mwenye kikapu atapita, ila atakayeinama kuchukua unga atauziba ujia wote. Punguza rafu za ukutani ziwe 30, nawe utapata 92.5 kila upande, ambazo zinamtosha mtu mmoja bila kubanwa, ingawa wawili hawatapishana. Kwa urefu, kaunta ichukue 120 kutoka ukuta wa mbele, kisha njia ya 90, rafu ya katikati 120, njia ya nyuma 90, na rafu ya ukuta wa nyuma 30. Jumla ni 450 kamili. Daima jumlisha hivi kila upande. Jumla isipolingana na ukuta, kuna kitu ulichokisahau, na mara nyingi ni nafasi ya muuzaji.

Njia za wateja huonyeshwaje? (Kayole)

Weka karatasi nyembamba inayoonyesha juu ya ramani, uketi saa za jioni wateja wanapokuwa wengi, na umchoree kila mteja mstari mmoja tangu aingie hadi atoke. Mishale mizuri iliyochorwa kwa kukisia haikuambii kitu. Mahali mistari inaposongamana ndipo pa kuangalia, na katika duka letu patakuwa mbele ya kaunta.

Hesabu ya hapo, kutoka ukuta wa kushoto, ni rafu ya nyuma ya muuzaji 30, muuzaji 80, kaunta 60, njia 105, na rafu ya kulia 30. Sasa kata viduara vya upana wa sentimita tatu, ambavyo kwa skeli yetu ni 60, kila kimoja kikiwa mtu aliyesimama. Weka kimoja kwenye kaunta, anayelipa. Zinabaki 45, na kiduara cha pili hakipiti: anayeingia atalazimika kupita kiubavu. Kupunguza rafu ya kulia ni kupoteza bidhaa, na kumbana muuzaji ni kumchosha kutwa nzima, kwa hiyo ningepunguza kina cha kaunta kutoka 60 hadi 45. Njia inakuwa 120, viduara viwili vinakaa sambamba, na ubao wa 45 bado unatosha kuweka mizani ndogo na kuhesabia pesa.