Ngozi laini kwenye picha nyeusi na nyeupe: fanyia kazi chaneli, acha kusugua uso

Juzi msomaji wa Mwanza ameniandikia: "Kaka, nikiitoa rangi picha ya mtu, uso unageuka kama ukuta uliomwagiwa tope. Wewe unatumia filta gani?" Situmii filta. Na swali lake limenikumbusha mwenye studio mmoja niliyewahi kumfanyia kazi, aliyenikata malipo kwa hoja kwamba nyeusi na nyeupe "hata simu inafanya". Bado inaniuma. Basi nijibu kwa kirefu, na yeye akipita hapa asome.

Picha yako ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizobebana: nyekundu, kijani na bluu. Ifungue kwenye Photoshop, bonyeza Ctrl+3, kisha Ctrl+4, kisha Ctrl+5, uzitazame moja moja (Ctrl+2 inakurudisha kwenye rangi). Kwenye nyekundu uso unang'aa na madoa karibu yote yamefifia. Kwenye bluu ni balaa: vinyweleo, makovu ya chunusi, chengachenga. Sababu ni melanini. Inameza mwanga wa bluu kwa pupa na mwekundu kidogo tu, kwa hiyo kwa ngozi zetu nyeusi bluu inabaki giza na chengachenga za sensa ya kamera zinaonekana.

Chukua picha ya mama mmoja niliyempiga karibuni, kajifunga mtandio mwekundu. Nilipima shavu lake kwenye paneli ya Info: nyekundu 150, kijani 95, bluu 65. Doa la chunusi pembeni yake: 144, 76, 44. Angalia, kwenye nyekundu doa limepungukiwa na 6 tu, kwenye bluu 21.

Sasa nenda Layer > New Adjustment Layer > Channel Mixer, weka tiki kwenye Monochrome. Photoshop inakuanzishia 40, 40, 20. Kwa vipimo hivyo shavu linatoka 111 na doa 97. Nilipoweka nyekundu 70, kijani 30, bluu 0, shavu likapanda hadi 134 na doa 124. Uso umekuwa mwangavu zaidi, na doa limesogea karibu na ngozi bila mimi kugusa brashi. (Kwenye GIMP ni Colors > Components > Mono Mixer, namba zinaandikwa 0.7, 0.3 na 0.)

Utajiuliza, kwa nini tusiweke nyekundu 100 tuondoke? Midomo. Ya mama huyu ilikuwa 148, 72, 78, yaani kwenye nyekundu tofauti yake na shavu ni 2 tu, mdomo unapotea usoni. Kijani ndicho kinachouchora, pamoja na kivuli cha pua na mikunjo ya macho. Ukiona uso umekuwa wa sanamu ya nta, ongeza kijani, tano tano, mpaka mdomo urudi. Jumla, ile Total, ibaki 100.

Mtandio ndio ulionisumbua. Rangi yake 200, 30, 40, na kwa mchanganyiko wa 70 na 30 ukatoka 149, mweupe kuliko uso! Jicho linakimbilia kitambaa, mtu anabaki nyuma. Watu wengi hapa huanza kuufifisha mtandio kwa brashi mpaka kingo zinatoa ukungu. Mimi niliweka Channel Mixer ya pili chini ya ile ya kwanza, 30, 60, 10, nikaifunika kwa maski ibaki kwenye mtandio peke yake. Ukashuka hadi 82, mikunjo ikajitokeza. Leya ya juu haihitaji maski kabisa: sehemu ambayo tayari ni kijivu ina namba moja kwenye chaneli zote tatu, na 70 jumlisha 30 ni 100, kwa hiyo inapita bila kubadilika. Hapo ndipo utaona kwa nini nimesisitiza Total.

Nyinyi mnaosugua nyuso za wateja kwa brashi ya kulainisha mpaka bibi wa miaka sabini anakosa hata kunyanzi moja, acheni. Kunyanzi ni zake, na amelipia picha yake, si ya mjukuu wake.

Kuna mahali njia hii inagoma, hasa kwenye kumbi za harusi zenye taa za manjano. Nyekundu inafika 255 kwenye paji la uso na mashavu, na chaneli iliyojaa haina umbile la kukupa. Ndiyo maana naanza kila picha na Ctrl+3. Nikikuta paji limekuwa doa jeupe lisilo na kitu, narudi kwenye RAW nishushe mwanga, na kama ni JPEG tupu naanza na kijani 70, nyekundu 30, nikubali vinyweleo vichache.