Fungu la "System" latoka wapi?

Simu yangu ni ya GB 32. System yaonyesha 9, na nilipoinunua ilikuwa 7. Kijana wa dukani hapa Langoni asema ni virusi. (Nahodha, Lamu)

Si virusi, nahodha. Simu haiipimi System kama mizani ipimavyo samaki. Hupima apu, picha, video na faili nyingine, kisha kinachobaki katika nafasi iliyotumika hubandikwa jina hilo. Tazama hesabu uliyonitumia: nafasi iliyotumika ni GB 29. Apu 8, picha 3, video 5, sauti 1, Other 3, jumla 20. Toa 20 kwenye 29, ndiyo hiyo 9 yako.

Kwa hiyo kila kitu ambacho simu haikukipangia fungu huangukia humo: Android yenyewe, sasisho linalosubiri kuingia, faili za muda. Zima simu, iwashe, uangalie tena. Ikishuka, zilikuwa faili za muda. Isiposhuka, iache. Apu za kusafisha hazina ruhusa ya kugusa mfumo, na zenyewe zakula nafasi.

Other nayo je? Yangu GB 4, na mimi sina faili zozote ila za WhatsApp. (Bi wa maandazi, Malindi)

Jibu umelitaja mwenyewe, bibie. Other ni makombo ya upande wako wewe: faili ambazo simu haizitambui kuwa picha, video wala sauti. WhatsApp huweka nakala ya mazungumzo kila usiku mwendo wa saa nane, na hutunza za siku kadhaa. Fungua apu ya mafaili, ufuate njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Utaona faili zinazoanza na `msgstore`. Zikiwa 8, kila moja MB 400, hizo ni GB 3.2 tayari. Zenye tarehe katika jina ni nakala za nyuma, waweza kuzifuta. Ile isiyo na tarehe usiiguse, ndiyo nakala ya karibuni kabisa.

Lakini nikwambie ukweli: baada ya wiki moja zitakuwa zimerudi. Nakala hizo zabeba maandishi tu, picha hazimo, kwa hiyo kufuta picha hakuzipunguzi. Hupungua ukifuta mazungumzo ya yale magrupu ya harusi yaliyokwisha zamani.

Nilifuta video zote za Maulidi, nafasi haikurudi hata kidogo. (Shela)

Ziko kwenye Trash. Apu ya mafaili hukaa nazo siku 30, na Google Photos siku 60 ikiwa zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni. Ingia humo uzifute mara ya pili, lakini uliza kwanza nyumbani kama kuna anayezitaka.